Barua pepe hazifiki papo hapo kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu IDLE na miunganisho inayokatwa kimyakimya

Maswali haya yametokana na kazi ya kutunza seva ya barua pepe inayotumiwa zaidi na watu wa simu. Nimejikita kwenye hali moja tu: seva ya Dovecot upande mmoja, simu ya Android yenye Thunderbird (iliyotokana na K-9 Mail) upande wa pili, na katikati yao lango la mtandao linalosahau muunganisho uliokaa kimya. Ukitumia programu nyingine, majina ya vitufe yatabadilika, ila mwenendo wa tatizo ni uleule.

Tatizo lenyewe linaonekanaje?

Malalamiko huja karibu kwa maneno yaleyale kila mara. Mwenzangu mmoja aliniambia hivi: "Kaka, simu inakaa kimya asubuhi nzima, lakini nikifungua programu tu, barua nne zinaingia kwa mpigo." Seva ilikuwa imezipokea barua zote nne kwa wakati wake, na aliyezisoma kupitia kivinjari alizikuta. Simu ilikuwa na mtandao, nywila ilikuwa sahihi, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu uliojitokeza.

Dalili ya pili, ambayo watu wengi hawaitilii maanani, ni kwamba ucheleweshaji una ukomo. Barua huchelewa dakika tatu, dakika kumi na moja, dakika ishirini, lakini mara chache huvuka muda fulani. Ukiona hivyo, usianze kulaumu foleni ya barua. Kuna kipima muda mahali fulani, na huo ukomo unakuonyesha kilivyowekwa.

IDLE ni nini, na kwa nini muunganisho ukae kimya?

Katika IMAP ya kawaida simu ndiyo inayouliza: kuna kipya? Amri ya `IDLE`, iliyowekwa kwenye kiwango cha RFC 2177 mwaka 1997, iligeuza utaratibu huo. Simu huingia, huchagua kasha la barua, hutuma `IDLE` kisha hunyamaza. Barua mpya ikifika, seva yenyewe ndiyo huandika kitu kama `* 24 EXISTS` kwenye muunganisho huohuo, na simu ikishakisoma hutoa arifa.

Uzuri wake ni kwamba wakati hakuna barua, hakuna kinachosafiri. Hapohapo ndipo shida ilipo, kwa sababu ukimya wa IDLE iliyo hai na ukimya wa muunganisho uliokufa havitofautiani hata kidogo.

Kiwango hichohicho kinaishauri programu itume `DONE` na kuanza `IDLE` upya angalau kila baada ya dakika 29, kwa kuwa seva ya IMAP inaruhusiwa kumtoa mtu aliyekaa dakika 30 bila kufanya lolote. Kwa hiyo ile 29 unayoikuta kila mahali ilihesabiwa kwa kufuata kipima muda cha seva. Vifaa vilivyo njiani havikufikiriwa kabisa.

Kwa nini lango likate muunganisho ambao haujafungwa?

Lango linalofanya NAT, yaani linalozipitisha simu nyingi kwa anwani moja ya nje, lina jedwali. Kila muunganisho una mstari wake humo: anwani na poti ya simu, anwani na poti ya nje, na lini pakiti ya mwisho ilipita. Mistari hula kumbukumbu, na poti za nje zina kikomo, hasa pale ambapo simu maelfu zinatumia anwani moja ya nje. Mstari usiopitiwa na pakiti kwa muda fulani hufutwa ili nafasi itumike na mwingine.

RFC 5382 ya mwaka 2008 inataka muunganisho wa TCP ulioimarika usifutwe kabla ya saa 2 na dakika 4 za ukimya. Vifaa vingi havifuati. NAT Gateway ya AWS hufuta baada ya sekunde 350. Load Balancer ya Azure, usipoibadilisha, husubiri dakika 4. Mitandao ya simu kila mmoja una muda wake, na kwa kawaida hautangazwi popote, kwa hiyo inabidi upime mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba kuhamia IPv6 hakuondoi tatizo hili moja kwa moja. NAT inaweza isiwepo, lakini ukuta-moto unaofuatilia miunganisho una jedwali la namna hiyohiyo na kipima muda chake.

Kama muunganisho umekatwa, mbona si simu wala seva inayogundua?

Kwa sababu kufuta mstari si kukata simu. Lango halitumi habari kwa yeyote. Simu bado inaamini imeunganishwa, na seva vilevile.

Tazama mfuatano huu. Seva ilikuwa imepangwa itume ishara fupi ya kuonyesha iko hai kila dakika 29, lango lilikuwa linasahau baada ya dakika 5 na kitu, na programu ya simu ilikuwa na dakika 24 za kuanza IDLE upya.

Saa 2:00 kamili asubuhi simu inatuma `IDLE` na seva inajibu `+ idling`. Sekunde chache baada ya saa 2:05 lango linafuta mstari. Saa 2:07 na sekunde 12 barua inaingia kwenye seva, na seva inaandika `* 24 EXISTS`. Pakiti inafika kwenye lango, lango haliujui muunganisho huo, pakiti inatupwa. Seva haikupata jibu, hivyo inatuma tena, na tena, kila mara ikisubiri zaidi mpaka kufikia dakika 2 kati ya jaribio na jaribio. Linux kwa kawaida hukata tamaa baada ya majaribio 15, yaani kama dakika 15 na nusu. Wakati wote huo simu imelala kwa amani, kwa sababu haina chochote cha kutuma.

Saa 2:24 programu inatuma `DONE`. Sasa ndipo ukweli unajitokeza: inarudishiwa RST, yaani pakiti ya kuukataa muunganisho, inaunganisha upya, inachagua kasha, inaiona barua, inatoa arifa. Barua imechelewa dakika 16 na sekunde 48. Malango mengine huipokea pakiti ya `DONE` na kuandika mstari mpya katikati ya safari, na kama seva haijakata tamaa, muunganisho hufufuka palepale. Kwa mtumiaji matokeo ni yaleyale, barua huja zote kwa mpigo kwenye dakika ya 24.

Kwa nini baadhi ya watu ofisini hawana tatizo hili kabisa, ilhali simu ni za aina moja?

Swali hili ndilo lililonifumbua macho. Waliokuwa wakipata barua kila dakika mbili au tatu hawakulalamika kamwe, na waliokuwa wakipata barua sita kwa siku ndio walioumia. Kila `EXISTS` inayopita langoni huanzisha upya kipima muda cha mstari ule. Anayepokea barua nyingi anajiwekea muunganisho hai bila kujua.

Matokeo yake ni mabaya kwa uchunguzi. Ukimtumia mtu barua ya majaribio mara tu baada ya yeye kufungua programu, itafika sekunde ileile, nawe utamwambia hakuna shida. Jaribio lolote lisiloanza na ukimya mrefu halithibitishi kitu.

Nitajuaje kuwa ni lango na si simu inayolala ili kuokoa betri?

Angalia upande wa seva wakati barua imechelewa. Amri hii inaonyesha miunganisho ya poti 993 pamoja na vipima muda vyake:

```
ss -tno 'sport = :993'
```

Muunganisho uliopoteza njia yake unaonekana hivi:

```
ESTAB 0 58 192.0.2.10:993 203.0.113.7:41822 timer:(on,38sec,9)
```

Kwenye safu ya tatu kuna baiti 58 ambazo seva imezituma na hazijathibitishwa kupokewa. Neno `on` maana yake kipima muda cha kutuma upya kinafanya kazi, jaribio linalofuata ni baada ya sekunde 38, na tayari imejaribu mara 9. Ukiona mstari kama huu kwa mtumiaji ambaye simu yake ina mtandao mzuri sasa hivi, lango limeshamsahau.

Kama ni simu inayolala, picha hubadilika. Safu ile ya tatu kwa kawaida inakuwa sifuri: pakiti ilifika na kiini cha Android kikaikiri, lakini programu yenyewe imezuiwa isifanye kazi. Hapo dawa iko kwenye mipangilio ya betri ya simu, na hakuna utakachobadilisha kwenye seva kikasaidia. Nimeona watu wakihangaika na seva siku tatu kwa jambo ambalo safu moja ya `ss` ingelimaliza.

Iwapo una shaka, tega `tcpdump` kwa anwani ya simu hiyo kisha umtumie barua baada ya ukimya wa dakika kumi. Pakiti ileile ikitoka mara tano bila jibu, umepata.

Nitapimaje muda wa lango?

Unganisha kompyuta kwenye mtandao unaoushuku, ukipitia simu yenyewe kama inabidi, kisha ingia kwenye IMAP kwa mkono. Tumia akaunti ya majaribio, kwa sababu nywila utaiandika wazi kwenye skrini.

```
openssl s_client -quiet -crlf -connect mail.example.org:993
a1 LOGIN jaribio nywila
a2 SELECT INBOX
a3 IDLE
```

Ukishaona `+ idling`, usiguse kitu. Subiri dakika ulizoamua, kisha kutoka mahali pengine itumie akaunti ile barua. `EXISTS` ikitokea, mstari wa langoni ulikuwa bado upo. Isipotokea ndani ya nusu dakika, umeshafutwa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kila jaribio lianze na muunganisho mpya. Ukiendelea na uleule, barua iliyopita imeanzisha kipima muda upya, na hata ule uliokufa unaweza kufufuka ukikuchanganya. Pili, hakikisha seva haitumi ishara zake yenyewe katikati ya jaribio. Dovecot isipoguswa hutuma `* OK Still here` kila dakika 2, na ikiwa hivyo hutapima chochote kinachozidi dakika mbili. Weka `imap_idle_notify_interval` iwe `29 mins` kwa muda wa kupima, kwenye seva ya majaribio kama unayo.

Mimi nilianza na dakika 4, barua ikafika. Dakika 8, haikufika. Dakika 6, haikufika. Dakika 5, ikafika. Dakika 5 na nusu, haikufika. Majaribio matano, chini ya nusu saa ya kusubiri, na nikajua lango linasahau mahali fulani kati ya dakika 5 na 5 na nusu. Huhitaji kujua sekunde kamili, kwa kuwa hutakaribia ukingo.

Basi niweke namba gani kwenye seva?

Chini ya muda uliopima, ukiacha angalau dakika moja ya akiba. Kwa lango la dakika 5 nilichagua 4:

```
protocol imap {
  imap_idle_notify_interval = 4 mins
}
```

Kisha `doveadm reload`, na uhakikishe kwa `doveconf -f protocol=imap imap_idle_notify_interval`. Sesheni zilizokuwa wazi tayari zinaendelea na mpangilio wa zamani, kwa hiyo mabadiliko utayaona simu zikishaunganisha upya. Ukirudia lile jaribio la `openssl`, sasa `* OK Still here` itakuwa ikijitokeza yenyewe kwenye skrini.

Tahadhari kwa wenye seva nyuma ya Load Balancer ya Azure iliyoachwa na dakika 4 zake: dakika 4 dhidi ya dakika 4 ni mbio ambazo utashindwa mara nyingi. Weka 3, au ongeza muda wa kifaa chenyewe. Kipimo chako kinahusu kifaa chenye subira fupi kuliko vyote njiani, na hakijalishi kama kiko upande wa simu au upande wa seva.

Nami nikiri palipoanzia kosa letu. Nilikuwa nimesoma ushauri unaozunguka sana mtandaoni, kwamba `imap_idle_notify_interval` iwekwe `29 mins` ili kuokoa betri za simu. Niliufuata bila kupima. Kabla ya hapo, zile dakika 2 za Dovecot zilikuwa zikiweka hai miunganisho yetu yote, na hakuna aliyekuwa na malalamiko.

Je, ishara kila dakika 4 haitamaliza betri ya simu?

Swali la haki, na jibu liko kwenye hesabu. Kila dakika 29 ni ishara kama 50 kwa siku. Kila dakika 4 ni 360. Kila dakika 2 ni 720, na kila dakika moja ni 1440. Gharama kubwa haiko kwenye baiti, maana ishara moja ni ndogo mno. Iko kwenye kuamsha redio: ikishaamka kwa ajili ya pakiti moja, hubaki macho sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna nyingine.

Ndiyo maana sipendekezi kushuka chini ya kile kipimo chako kinachohitaji. Kama lango lako linavumilia dakika 20, weka 15 na uziachie simu zipumzike. Kama linavumilia 5, hizo 360 ndizo bei ya barua kufika papo hapo, na mbadala wake, yaani simu kuunganisha upya kila mara kwa TLS na kuingia na nywila, ni ghali zaidi kwa kila tendo.

Punguza pia idadi ya makasha yanayofuatiliwa. Programu hufungua muunganisho mmoja wa IDLE kwa kila kasha. Mtu aliyewasha ufuatiliaji wa makasha sita ana miunganisho sita inayohitaji kuwekwa hai. Dovecot hujitahidi kuzipanga ishara za mteja mmoja zianguke kwa wakati mmoja ili redio iamke mara moja tu, lakini kasha la kuingilia pekee linawatosha watu wengi.

Kwa nini nisibadilishe upande wa simu tu, niiache seva?

Unaweza. Kwenye Thunderbird ya Android, ndani ya mipangilio ya akaunti kwenye sehemu ya kupokea barua, kuna `Refresh IDLE connection`. Kwa kawaida ni dakika 24, na inaweza kushushwa.

Ugumu uko kwenye Android yenyewe. Tangu toleo la 6.0, simu iliyolala mezani huingia kwenye hali iitwayo Doze, na humo hata kengele ambazo programu inaruhusiwa kupiga wakati wa usingizi haziwezi kupigwa zaidi ya mara moja kila dakika 9 kwa programu moja. Ukiandika dakika 3 kwenye mipangilio, simu iliyolala haiwezi kuahidi dakika 3. Kwa lango la dakika 5, kuitegemea simu ni kushindwa kwa hesabu kabla hujaanza, na usiku ndipo utakaposhindwa zaidi.

Seva haina usingizi. Pakiti yake ikifika kwenye simu, modemu huipokea na kuiamsha simu kwa muda mfupi, bila kutegemea kengele yoyote. Kwa hiyo mimi huweka kazi ya kutunza njia kwenye seva, na huiachia simu ile dakika 24 au nikaishusha hadi 12, kama njia ya kugundua pale seva yenyewe inapokuwa imeanguka. Kwenye simu jambo la lazima ni moja: itoe programu ya barua kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa betri. Isipotolewa, Doze huizuia isitumie mtandao, hata kama pakiti zimefika mlangoni.

Je, pakiti za uhai za TCP hazitoshi?

Zinatosha mahali pengine, lakini si kwa namba za kawaida. Linux husubiri sekunde 7200, yaani saa 2, kabla ya kutuma ya kwanza. Muda huo ulitokana na viwango vya mwaka 1989, na lango la dakika 5 litakuwa limeshasahau zamani. Ukitaka kuzitumia, shusha hivi:

```
net.ipv4.tcp_keepalive_time = 240
net.ipv4.tcp_keepalive_intvl = 30
net.ipv4.tcp_keepalive_probes = 6
```

Kwa mpangilio huu seva huuliza baada ya dakika 4 za ukimya, na isipojibiwa mara sita hufunga muunganisho. Jumla ni dakika 7 tangu pakiti ya mwisho, hivyo mizuka, yaani miunganisho iliyokufa ambayo seva bado inaihesabu, huondoka mapema.

Lakini namba hizi humhusu tu yule aliyeomba. Programu isiyowasha `SO_KEEPALIVE` kwenye soketi yake haitaguswa, hata uandike nini kwenye `sysctl`. Tazama `ss -tno` kwenye muunganisho uliotulia: ukiona `timer:(keepalive,...)`, imewashwa. Usipoona kipima muda chochote, hujabadilisha kitu.

Tofauti nyingine ni kwamba pakiti ya uhai haivuki wakala. Kama kuna kitu katikati kinachopokea muunganisho wa simu na kufungua kingine kuelekea Dovecot, pakiti za Dovecot zitaishia kwa wakala huyo. `* OK Still here` ni maneno ya IMAP, kwa hiyo hupitishwa hadi kwenye simu. Ndiyo sababu naanza na mpangilio wa Dovecot, kisha TCP iwe nyongeza.

Lango ni letu wenyewe. Je, nirekebishe huko?

Ndiyo, kwa furaha. Kwenye ruta ya Linux angalia:

```
sysctl net.netfilter.nf_conntrack_tcp_timeout_established
```

Linux yenyewe huweka 432000, ambazo ni siku tano. OpenWrt huweka 7440, ambazo ni zile saa 2 na dakika 4 za RFC 5382. Ukikuta 300 au 600, kuna mtu aliyeshusha, mara nyingi kwa sababu jedwali lilikuwa likijaa. Usirudishe juu kabla ya kuangalia kumbukumbu za kiini kama kuna `nf_conntrack: table full, dropping packet`. Ikiwa ipo, ongeza kwanza `nf_conntrack_max`, vinginevyo utaponya barua na kuvunja mengine yote.

Hata hivyo, usiishie hapo. Watu wako hawakai kwenye mtandao wako siku nzima. Wakitoka nje wanapita kwenye malango ambayo huna ufunguo wake, na huko ni ishara ya seva tu itakayowasaidia.

Tuna wakala wa HAProxy mbele ya seva, na miunganisho inakatika kila sekunde 50. Ni jambo hilohilo?

Linafanana, ila lina tabia tofauti. Faili la mfano linalokuja na HAProxy kwenye Debian lina `timeout client 50000` na `timeout server 50000`, yaani sekunde 50, na hakuna ishara ya dakika 4 itakayouokoa muunganisho hapo. HAProxy ikichoka hufunga kwa adabu, simu hupata habari, huunganisha upya papo hapo. Barua hazichelewi, lakini betri inaisha, na kumbukumbu za Dovecot zimejaa watu wanaoingia kila dakika. Kwenye kumbukumbu za HAProxy utaona alama `cD` au `sD`. Kwa sehemu ya IMAP pekee, andika:

```
timeout client 35m
timeout server 35m
```

Kwa nini watumiaji wengine wanakataliwa kuingia, na kumbukumbu zinasema `Maximum number of connections from user+IP exceeded`?

Ni mizuka. Simu imeunganisha upya, lakini seva bado inahesabu ile miunganisho ya zamani ambayo haijui imekufa. Dovecot huruhusu 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja, na mwenye makasha matano akiunganisha upya mara mbili ameshajaza. `doveadm who` itakuonyesha jina moja likiwa na orodha ndefu ya namba za michakato.

Kuongeza `mail_max_userip_connections` hadi 50 kunanyamazisha malalamiko, na mizuka inazidi kulundikana. Shusha muda wa ishara kwanza. Seva ikiandika `Still here` kila dakika 4 kwenye muunganisho uliokufa, haitapata jibu, na ndani ya kama dakika 20 itaufunga yenyewe na kuandika `Connection timed out`.

Simu za iPhone zinaguswa na haya?

Kwa programu ya Mail iliyokuja na simu, hapana. Kwenye akaunti ya kawaida ya IMAP, Mail ya iPhone haikai kwenye IDLE. Huchota kwa ratiba, kwa mfano kila dakika 15 au 30, na hilo halibadiliki kwa chochote utakachopanga kwenye `imap_idle_notify_interval`.

Nimeweka dakika 4, lakini mtu mmoja bado anachelewa. Nianzie wapi?

Muulize kwanza ucheleweshaji unatokea lini. Kama ni wakati anatoka kwenye Wi-Fi kwenda kwenye data ya simu, anwani yake imebadilika na muunganisho wa zamani hauwezi kuokolewa na ishara yoyote. Programu inapaswa kugundua mabadiliko ya mtandao na kuunganisha upya, na mara nyingi kinachoizuia ni ubanaji wa betri.

Kama anachelewa akiwa ametulia mahali pamoja, fungua `ss -tno` wakati huohuo na utazame safu ya tatu. Ikiwa sifuri, shughulika na simu yake. Ikiwa na baiti zinazosubiri, huenda yuko nyuma ya lango lenye subira fupi kuliko lile ulilopima. Kwetu alikuwa mmoja wa namna hiyo. Tulipima mtandao wake tukakuta dakika 3 na nusu, nasi tukashusha seva nzima hadi dakika 2 na nusu. Siku iliyofuata, kwenye orodha ya `ss`, hapakuwa na muunganisho hata mmoja wenye kipima muda cha `on` uliovuka jaribio la tatu, isipokuwa wa simu iliyokuwa imezimwa.